Uwiano Sifuri, Utegemezi Mzima

Msafiri anayetoka Mombo kupanda barabara ya milimani kwenda Lushoto huanza kutafuta sweta kabla hajafika. Chini kuna mkonge, vumbi na joto. Juu kuna ukungu, kabichi na mapea. Kuna kitu kingine pia kinachobadilika njiani, nacho hakionekani dirishani mwa basi. Watafiti waliopima maambukizi ya malaria katika vijiji vya milima ya Usambara, kuanzia takriban mita 300 hadi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, walichapisha matokeo yao mwaka 2003. Uambukizaji ulipungua zaidi ya mara 1,000 kutoka vijiji vya chini hadi vile vya juu.

Wenyeji wa milimani hawakuhitaji watafiti kuwaambia kwamba baridi humkwaza mbu. Lakini matokeo kama hayo humvuta msomaji kwenye hitimisho jepesi: joto likipanda, malaria nayo hupanda. Anayeamini hivyo, kisha akachukua takwimu za maeneo mengi ya Afrika, ya baridi, ya wastani na ya joto kali, akaziingiza kwenye kompyuta ili apate kipimo cha uwiano, anaweza kupigwa na butwaa. Kompyuta inaweza kumrudishia namba iliyo karibu kabisa na sifuri. Naye, akiwa na haraka ya kumaliza ripoti, ataandika kwamba joto halihusiani na malaria.

Hapo atakuwa amekosea, na kosa lake halitatoka kwenye hesabu. Hesabu itakuwa sahihi hadi desimali ya mwisho. Atakuwa amekosea kwa kulisoma jibu la swali moja kana kwamba ni jibu la swali lingine.

Ili kuona sababu, ni vizuri kuanza na mbu mwenyewe. Malaria haihami kutoka mtu hadi mtu mara tu mbu anapouma. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi akinyonya damu yenye vimelea, vimelea hivyo hulazimika kukua ndani ya tumbo lake, kuongezeka, kisha kusafiri hadi kwenye tezi za mate. Hadi safari hiyo iishe, mbu huyo anaweza kuuma watu usiku baada ya usiku bila kumwambukiza hata mmoja. Muda wa safari hutegemea joto la hewa, kwa kuwa mwili wa mbu hauna joto lake lenyewe la kudumu kama wa binadamu.

Kuna kanuni ya zamani, inayohusishwa na mtaalamu wa wadudu wa Urusi, Detinova, na iliyoenea tangu miaka ya 1960. Kwa kimelea aina ya falsiparamu, ambacho ndicho husababisha malaria nyingi katika Afrika, chukua joto la wastani kwa nyuzi za Selsiasi, toa 16, kisha gawa 111 kwa kinachobaki. Jibu ni idadi ya siku ambazo kimelea kinahitaji. Kwenye nyuzi 18, jibu ni kama siku 55. Kwenye nyuzi 20 ni siku 28 hivi. Kwenye nyuzi 25 ni siku 12 tu.

Sasa linganisha siku hizo na maisha ya mbu, ambayo ni mafupi. Tuseme kila siku inayopita, mbu tisa kati ya kumi wanabaki hai. Kati ya mbu 1,000 walionyonya damu yenye vimelea mahali penye nyuzi 18, watakaoishi siku 55 ni watatu hivi. Kwenye nyuzi 20 watafika siku ya 28 wapatao 50. Kwenye nyuzi 25 watafika siku ya 12 wapatao 280. Kutoka watatu hadi 280 kwa tofauti ya nyuzi saba tu! Hiyo peke yake inaeleza sehemu kubwa ya tofauti kati ya tambarare na mlima.

Lakini joto lilelile linaloharakisha kimelea huanza kumdhuru mbu linapozidi. Viluwiluwi hufa kwa wingi kwenye madimbwi yaliyochemka kwa jua, mbu wakubwa huishi siku chache zaidi, na hata kimelea chenyewe hushindwa kukua vizuri. Mwaka 2013, kundi la wanasayansi lililoongozwa na Erin Mordecai lilikusanya vipimo vya maabara vya kila hatua: kasi ya kuuma, mayai, ukuaji wa viluwiluwi, maisha ya mbu na ukuaji wa kimelea. Karibu kila kimoja kilipanda na joto, kikafika kilele, kikashuka. Walipoviunganisha, walipata kwamba malaria huenezwa kwa urahisi zaidi karibu na nyuzi 25, na kwamba kuanzia nyuzi 28 kwenda juu uenezaji hupungua kwa kasi. Hesabu za awali zilikuwa zimekiweka kilele kwenye nyuzi 31. Tofauti ya nyuzi sita ilitokana hasa na kwamba hesabu hizo zilichukulia baadhi ya hatua kuwa hazibadiliki na joto, au zinabadilika kwa kufuata mstari ulionyooka.

Kwa hiyo picha ya joto na malaria si mteremko wala mpando. Ni tao: linaanza chini upande wa baridi, linapanda hadi katikati, kisha linashuka upande wa joto kali. Kipimo cha uwiano kikiwekwa mbele ya tao, kinapotea njia.

Tufanye mfano mdogo kwa mkono, kwa namba zilizotungwa makusudi ziwe rahisi. Kuna vituo vitano. Cha kwanza kina joto la wastani la nyuzi 19, cha pili 22, cha tatu 25, cha nne 28 na cha tano 31. Kila kituo kina alama ya malaria inayotokana moja kwa moja na joto lake kwa kanuni hii: tafuta tofauti kati ya joto la kituo na 25, izidishe kwa yenyewe, kisha itoe kwenye 36. Kituo cha nyuzi 19 kinapata 0, cha 22 kinapata 27, cha 25 kinapata 36, cha 28 kinapata 27 na cha 31 kinapata 0.

Hapa hakuna bahati nasibu hata chembe. Ukitajiwa joto, unaijua alama bila kubakiza shaka. Utegemezi hauwezi kuwa mkubwa kuliko huo.

Kipimo cha uwiano, kile ambacho wanatakwimu hukiandika kwa herufi r, huanza kwa kutafuta wastani. Wastani wa joto la vituo vyote ni 25, na wastani wa alama ni 18. Kisha kila kituo huulizwa maswali mawili: joto lako liko juu au chini ya wastani, na kwa kiasi gani? Alama yako je? Majibu hayo mawili huzidishwa. Kituo kilicho juu ya wastani kwa yote mawili, au chini kwa yote mawili, hutoa zao chanya. Kilicho juu kwa moja na chini kwa lingine hutoa zao hasi. Mwishoni mazao yote hujumlishwa.

Kituo cha nyuzi 19 kiko chini ya wastani wa joto kwa 6 na chini ya wastani wa alama kwa 18, kwa hiyo zao lake ni 108. Cha nyuzi 22 kiko chini kwa joto kwa 3 lakini juu kwa alama kwa 9, na zao lake ni hasi 27. Cha katikati kina joto lililo sawasawa na wastani, hivyo kinatoa sifuri ingawa alama yake ndiyo kubwa kuliko zote. Cha nyuzi 28 kinatoa 27. Cha nyuzi 31 kinatoa hasi 108.

Jumlisha: 108, toa 27, ongeza 0, ongeza 27, toa 108. Jibu ni sifuri. Hatua inayofuata katika kanuni ya r ni kuigawa jumla hiyo kwa kiasi cha mtawanyiko wa joto na wa alama, ili jibu liwe kati ya hasi 1 na 1. Sifuri ikigawanywa kwa namba yoyote kati ya hizo inabaki sifuri. Msomaji mwenye Excel anaweza kuandika joto kwenye safu A na alama kwenye safu B, kisha akaandika:

```
=CORREL(A1:A5,B1:B5)
```

Ataona 0.

Jambo la kuangaliwa ni namna sifuri hiyo ilivyopatikana. Si kwamba vituo havikusema kitu. Vyote, isipokuwa cha katikati, vilisema kwa sauti kubwa. Ila upande wa baridi ulisema joto huongeza malaria, upande wa joto ukasema joto hupunguza, na kipimo kikayajumlisha maneno hayo mawili hadi yakafutana. Hii r huuliza swali moja tu: je, kuna mstari ulionyooka unaopanda au kushuka ambao nukta hizi zinaufuata? Kwa vituo hivi jibu la haki ni kwamba hakuna. Mstari ulionyooka unaozikaribia nukta hizo kuliko mwingine wote ni ule uliolala, usiopanda wala kushuka, kwenye alama ya 18. Haukuulizwa kama kuna tao.

Ukivigawa vituo makundi mawili, sauti zinasikika. Chukua vile vya nyuzi 19, 22 na 25 peke yake, r inakuwa 0.96, karibu na ukomo wa juu kabisa. Chukua vya nyuzi 25, 28 na 31, r inakuwa hasi 0.96. Mtafiti aliyefanya kazi milimani na mtafiti aliyefanya kazi kwenye nchi za joto kali wangeweza kugombana mkutanoni, kila mmoja na takwimu zake safi, na wote wawili wangekuwa wanaeleza kitu kimoja.

Tena sifuri yenyewe ni dhaifu mno. Ondoa kituo kimoja tu, kile cha nyuzi 31, labda kwa sababu mashine yake iliharibika mwaka huo, na r ya vinne vilivyobaki inaruka kutoka 0 hadi 0.75 hivi. Mbu hawakubadilika, wala vimelea. Kilichobadilika ni mahali ulipokatwa upande wa tao. Sifuri ilipatikana kwa kuwa vituo vilijipanga kwa ulinganifu pande mbili za kilele, na ulinganifu huo ulitokana na uchaguzi wa vituo kuliko maumbile ya malaria.

Ndiyo maana matokeo ya Usambara hayapingani na tao. Vijiji vile vilikuwa karibu vyote upande wa kushoto wa kilele, kuanzia joto la kufaa kwenda chini kwenye baridi. Vivyo hivyo kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu nyanda za juu za Ethiopia na Kolombia, uliogundua kwamba katika miaka yenye joto zaidi malaria hupanda kwenye miinuko ya juu zaidi. Upande huo wa tao, kusema joto huleta malaria ni sawa kabisa. Kosa huja mtu anapouchukua mpando wa Lushoto akaupeleka hadi jangwani.

Sasa turudi kwenye lile neno ambalo watu hulibandika kwenye sifuri: kutotegemeana. Kwa mwanatakwimu, vitu viwili havitegemeani ikiwa kukijua kimoja hakukusaidii chochote kukikisia kingine. Rusha dadu mbili. Hata ukiambiwa ya kwanza imeonyesha sita, makisio yako kuhusu ya pili yanabaki palepale, nafasi moja kati ya sita kwa kila uso.

Jaribu kipimo hicho kwa vituo vyetu. Mtu akifumba macho akachagua kituo kimoja kati ya vitano, nafasi ya kupata chenye alama 0 ni mbili kati ya tano. Akinong'onezwa kwamba kituo alichochagua kina nyuzi 25, nafasi hiyo inakufa papo hapo, maana alama yake ni 36. Akiambiwa ni nyuzi 31, nafasi inakuwa uhakika. Kujua joto kumebadilisha makisio yote. Kwa hiyo vitu hivi vinategemeana, na r inayosema sifuri haina uwezo wa kulikanusha hilo.

Uhusiano kati ya mawazo haya mawili unakwenda upande mmoja tu. Vitu vikiwa kweli havitegemeani, uwiano wao wa kweli utakuwa sifuri, kwa sababu hakuna upande, wa kushoto wala wa kulia, wenye cha kusema. Kurudi nyuma, kutoka sifuri kwenda kutotegemeana, hakuruhusiwi bila sharti la ziada.

Sharti hilo lipo, na pengine ndilo lililozaa mazoea mabaya. Uwiano ulikuzwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Francis Galton alikuwa akilinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao, na mwaka 1888 aliwasilisha wazo la uwiano. Karl Pearson akalipa kanuni yake ya kihesabu katika miaka ya 1890. Vimo vya watu hutawanyika kwa umbo la kengele: wengi katikati, wachache pembeni. Vimo vya baba na mwana vikichorwa pamoja, nukta hufanya wingu la duaradufu, lisilo na tao lolote. Katika mtawanyiko wa pamoja wa aina hiyo, uwiano sifuri unamaanisha kweli kutotegemeana. Vitabu vingi vya chuo hutumia mtawanyiko huo ukurasa baada ya ukurasa, na msomaji huishia kusahau kwamba sharti liliwahi kutajwa. Wala haitoshi kila kimoja peke yake kiwe na umbo la kengele. Ni wingu la pamoja linalopaswa kuwa hivyo.

Pearson mwenyewe hakuwa na udanganyifu huo. Mwaka 1905 aliandika kuhusu uhusiano usionyooka na akapendekeza kipimo kingine kwa ajili yake. Wazo lake linaeleweka bila kanuni. Badala ya kutafuta mstari, panga vituo katika makundi ya joto, kisha tafuta wastani wa malaria wa kila kundi. Ikiwa joto halina lolote, wastani wa makundi yote utakaribiana. Ukitofautiana sana, kuna utegemezi, hata kama wastani unapanda kisha unashuka. Kwa vituo vingi vya kweli, makundi matatu tu yanatosha kuanzia: baridi, kati na joto kali. Kundi la kati likisimama juu ya mengine mawili, tao limejitokeza. Ni ajabu kidogo kwamba r ya Pearson ilienea dunia nzima, na kipimo chake cha pili kikabaki kwa wataalamu.

Hata hivyo, hatua ya kwanza kuliko zote ni kuchora. Grafu ya nukta, joto kwenye mstari wa chini na malaria kwenye mstari wa wima, huchukua dakika moja kwa kompyuta na robo saa kwa penseli. Mwanatakwimu Francis Anscombe alilionyesha hilo mwaka 1973 kwa seti nne za namba alizozitunga. Zote nne zina wastani uleule, mstari wa makisio uleule na r ileile ya takriban 0.82. Zikichorwa, ya kwanza ni wingu la kawaida, ya pili ni tao safi, na mbili zilizobaki zimepotoshwa na nukta mojamoja iliyokaa mbali na wenzake. Kwa hiyo tao halifichwi na sifuri peke yake. Linaweza kufichwa na 0.82 vilevile.

Baada ya kuchora, kuna jaribio la kihesabu lisilohitaji programu ya gharama. Ongeza safu ya tatu kwenye jedwali lako: tofauti ya kila joto na wastani wa joto, ikizidishwa kwa yenyewe. Kisha pima uwiano wa malaria na safu hiyo mpya. Kwa vituo vyetu vitano safu hiyo ni 36, 9, 0, 9 na 36, na uwiano wake na alama za malaria ni hasi 1 kamili. Utegemezi ambao r ya kwanza haikuuona hata kidogo, sasa unaonekana wote. Kwa takwimu za kweli haitafika hasi 1, lakini ikitoka mbali na sifuri wakati uwiano wa kawaida uko karibu na sifuri, mtu hana sababu ya kuendelea kusema hakuna kitu.

Kuna kimbilio moja ambalo watu hulitegemea na halisaidii. Baadhi ya watafiti, wakiambiwa uhusiano wao umepinda, huhamia kwenye uwiano wa Spearman, unaotumia nafasi za kupangwa badala ya namba zenyewe: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kipimo hicho kinafaa pale mkunjo unapopanda tu au kushuka tu, hata kama si kwa mstari ulionyooka. Tao linalopanda kisha likashuka linakishinda. Kwa vituo vyetu, uwiano wa Spearman nao ni sifuri. Kipimo kilichotungwa kwa ajili ya tatizo hili kabisa ni uwiano wa umbali, uliotangazwa mwaka 2007 na Gábor Székely na wenzake. Chenyewe, kwa thamani yake ya kweli, huwa sifuri pale tu vitu visipotegemeana. Kinapatikana katika programu nyingi za takwimu. Ila kinakuambia tu kwamba kuna utegemezi, si umbo lake, kwa hiyo grafu bado inahitajika.

Tahadhari ni muhimu upande wa pili pia, maana anayelitafuta tao kwa nguvu atalipata hata lisipokuwepo. Ukiwa na vituo kumi tu, na ukajaribu kukata makundi kwenye nyuzi 21, kisha 22, kisha 23, hadi upate mkato unaopendeza, umeshapika tao lako mwenyewe. Mahali pa kukata panapaswa kuamuliwa kabla, kwa kufuata elimu ya mbu na kimelea. Isitoshe, sehemu nyingi za joto kali barani Afrika ni kame pia. Malaria ikipungua huko, je, ni joto au ni ukosefu wa madimbwi ya kuzalia? Takwimu za vituo peke yake hazitengi mambo hayo mawili. Ndiyo sababu vipimo vya maabara vina uzito hapa: mbu waliofugwa kwenye joto tofauti na maji ya kutosha wameonyesha mkunjo uleule, hivyo kushuka kwa upande wa joto hakuwezi kubebeshwa ukame wote.

Umuhimu wa kilele kuwa nyuzi 25 na si 31 unaonekana zaidi ukiweka ugonjwa mwingine pembeni. Homa ya dengi, ambayo Dar es Salaam imeijua kwa milipuko ya mwaka 2014 na 2019, huenezwa na mbu mwingine, Aedesi, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye ndoo, matairi na vifuu. Kundi la Mordecai lilipofanya hesabu kama ile kwa mbu huyo, mwaka 2017, kilele kilikuja karibu na nyuzi 29. Nalo ni tao, ila limesogea kulia.

Rudi kwenye vituo vyetu vitano, joto lilelile, lakini alama zitokane na tao lenye kilele kwenye 29: toa kwenye 100 tofauti ya joto na 29 iliyozidishwa kwa yenyewe. Alama zinakuwa 0, 51, 84, 99 na 96. Pima uwiano, unapata 0.91. Magonjwa mawili, yote yakitegemea joto kikamilifu kwa kanuni ya umbo lilelile, yamepimwa kwenye vituo vilevile. Moja limetoa r ya 0 na lingine r ya 0.91. Mtu anayesoma namba hizo peke yake angesema dengi inafuata joto na malaria haijali. Angepanga fedha kwa imani hiyo. Na nchi ikizidi kupata joto, angeshangazwa mara mbili: kwenye nyanda za juu malaria ingeongezeka kinyume na sifuri yake, na kwenye sehemu ambazo tayari ni za joto ingepungua huku dengi ikipata nafasi. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo ambayo Mordecai na wenzake waliyatabiri kwa Afrika katika makala yao ya mwaka 2020.

Kwa hiyo mwanafunzi, mwandishi wa habari au ofisa wa afya anayetaka kutoa r kwa umma anaombwa aambatanishe vitu viwili: grafu ya nukta, na joto la chini na la juu kabisa la vituo alivyotumia. Bila hivyo, aseme tu kwamba hakupata mwelekeo ulionyooka kati ya kiwango hiki na kile, na neno "havihusiani" aliache.